Asilimia Tano Inayozidi Sita

Dar es Salaam neno "wakala" lina sura nyingi. Kijana anayetoa na kuweka pesa za simu chini ya mwavuli ni wakala. Anayekukatia tiketi ya basi stendi ni wakala. Mama mwenye ghala la simenti, aliyenunua mzigo mzima kwa fedha zake, naye ataitwa wakala wa simenti mpaka azeeke. Wingi huo wa maana ulinigharimu siku nzima ya kazi mwezi Februari 2024, nilipoitwa na kiwanda kimoja cha rangi za nyumba kusoma mikataba ya mawakala wake wa mikoani.

Mkurugenzi wa mauzo, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alinikabidhi faili nene lenye mikataba 11. "Nataka karatasi moja tu," alisema. "Nione nani namlipa asilimia ngapi, anatakiwa kuuza kiasi gani, na siku nikitaka kuachana naye natokaje."

Nilimjibu, "Sawa, Mama, wiki moja inatosha." Nilikosea, maana ilichukua tatu.

Siku ya kwanza niligundua kwamba mikataba saba kati ya ile 11 haikuwa na kamisheni hata kidogo. Wenyewe waliitwa mawakala kwenye vichwa vya mikataba, kwenye barua na hata kwenye mihuri yao, lakini walikuwa wananunua rangi kutoka kiwandani na kuiuza tena kwa bei yao, faida yao ikiwa ile tofauti ya bei. Hao ni wasambazaji. Wakala wa mauzo, kwa maana ya mkataba wa aina hii, hanunui kitu. Anamtafuta mteja, anachukua oda, kiwanda kinampelekea mteja mzigo na ankara, na wakala anapata sehemu yake. Namna rahisi ya kuwatofautisha ni kuuliza maswali mawili: ankara ya mwenye duka imeandikwa jina la nani, na mwenye duka asipolipa hasara ni ya nani? Jibu likiwa ni kiwanda, huyo ni wakala. Ukiwachanganya kwenye jedwali moja, msambazaji ataonekana analipwa sifuri, na mkurugenzi atadhani amepata mtu anayefanya kazi bure.

Wakabaki wanne: wa Arusha, wa Mwanza, wa Mbeya na wa Mtwara. Kuanzia hapo nitawaita kwa miji yao.

Kabla ya kuandika namba yoyote nilipanga karatasi. Mkataba wa uwakala haukai mahali pamoja. Kuna mkataba wenyewe, kuna viambatisho, kuna nyongeza zilizosainiwa baadaye, na kuna barua ambazo mtu aliziandika bila kujua kwamba anabadilisha mkataba. Nilimpangia kila wakala karatasi zake kwa tarehe ya saini, ya zamani chini, mpya juu, na rasimu zisizosainiwa nikaziweka pembeni. Mkataba wa Arusha ulikuwa na nakala tatu kwenye faili, mbili zikiwa rasimu zenye kamisheni ya asilimia 4. Iliyosainiwa ilikuwa na 5. Aliyetangulia kutengeneza orodha ya kamisheni, miaka miwili kabla yangu, alikuwa amechukua ya juu kwenye faili, na ya juu ilikuwa rasimu.

Mengi ya makaratasi hayo yalikuwa yameskaniwa kama picha, kwa hiyo kutafuta neno "kamisheni" kwa kompyuta hakukuleta kitu. Na hata pale ambapo kompyuta iliyaona maneno, mkataba mmoja uliita malipo hayo kamisheni, mwingine ujira, na wa tatu ulikuwa na kamisheni ukurasa wa nne na "motisha" ukurasa wa tisa. Hakuna njia ya mkato. Mkataba unasomwa wote, kwa kuanza na kifungu cha tafsiri ya maneno, kile ambacho watu wengi hukiruka kwa sababu kinachosha.

Kifungu hicho ndicho kilichobeba fedha.

Mkataba wa Arusha ulisema wakala atalipwa asilimia 5 ya thamani ya ankara. Wa Mwanza ulisema asilimia 6 ya mauzo halisi. Ukiziandika hivyo kwenye jedwali, 5 na 6, mkurugenzi ataona kwamba Mwanza ni ghali. Lakini "thamani ya ankara" ilitafsiriwa kuwa jumla yote inayosomeka chini ya ankara, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Na "mauzo halisi" ilitafsiriwa kuwa fedha ambazo wateja wamekwisha kulipa, bila kodi, baada ya kuondoa gharama za usafirishaji.

Dawa ya tatizo hili ni kuwapitisha wote kwenye mauzo yaleyale. Nilichagua mwezi wa mfano: rangi ya shilingi milioni 60 bila kodi, ndani yake milioni 3 zikiwa za usafirishaji. Ankara za mwezi huo, pamoja na kodi, zinafika milioni 70.8. Arusha anachukua asilimia 5 ya milioni 70.8, yaani milioni 3.54. Ukiigawanya hiyo kwa milioni 60 ambazo ndizo fedha za kiwanda, unapata asilimia 5.9. Kiwanda kilikuwa kinalipa kamisheni juu ya fedha za serikali.

Mwanza, hata wateja wake wote wakilipa, anahesabiwa juu ya milioni 57, na asilimia 6 yake ni milioni 3.42. Na kule wateja hawalipi wote kwa wakati. Mhasibu alinionyesha kwamba mpaka siku ya kukokotoa kamisheni huwa wameshalipa kama asilimia 80. Kwa mauzo ya milioni 60 hiyo ni milioni 48. Ondoa usafiri wa milioni 2.4, zinabaki milioni 45.6, na asilimia 6 yake ni milioni 2.736. Kwa mwezi huo ni sawa na asilimia 4.56 ya mauzo. Kinachobaki atakipata wateja wakilipa, wasipolipa hakipati kamwe. Kwa hiyo yule wa 5 ndiye ghali, na yule wa 6 ndiye nafuu, na tena ndiye mwenye sababu ya kuwafuatilia wenye maduka walipe. Wa Arusha analipwa siku ankara inapotoka. Mteja akitoweka na rangi, kamisheni imeshaliwa, na mkataba wake haukuwa na neno lolote la kuirudisha.

Wa Mbeya alinisumbua zaidi. Kamisheni yake ilikuwa ya ngazi: asilimia 3 kwa mauzo ya mwezi yasiyozidi milioni 20, asilimia 5 yakizidi 20 hadi 50, asilimia 8 yakizidi 50. Ngazi za namna hii zinasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba kila kipande kinapata kiwango chake: milioni 20 za mwanzo kwa 3, milioni 30 zinazofuata kwa 5, na zinazobaki kwa 8. Ya pili ni kwamba ukishavuka milioni 50, mauzo yote ya mwezi, tangu shilingi ya kwanza, yanalipwa kwa 8. Kwenye Eksel, mauzo yakiwa katika B2, njia hizo mbili zinaandikwa hivi:

```
=MIN(B2,20000000)*3%+MAX(0,MIN(B2,50000000)-20000000)*5%+MAX(0,B2-50000000)*8%
=B2*IF(B2>50000000,8%,IF(B2>20000000,5%,3%))
```

Kwa mauzo ya milioni 60, mstari wa kwanza unatoa milioni 2.9 na wa pili milioni 4.8. Ni mkataba uleule na mwezi uleule, na tofauti ni milioni 1.9. Kifungu chenyewe kilisema tu kwamba "kamisheni italipwa kwa mujibu wa ngazi zilizoonyeshwa hapo juu". Idara ya uhasibu ilikuwa inalipa kwa njia ya kwanza, na nilipouliza kwa nini, mhasibu aliniambia alikuta hivyo.

Njia ya pili ina alama yake, na ukiijua unaweza kuiona kwenye mauzo hata kabla ya kusoma mkataba. Wakala akiuza milioni 50 kamili anapata milioni 2.5, akiuza milioni 50 na laki moja anapata zaidi ya milioni 4. Kwa hiyo akiona mwezi unaisha yuko kwenye 48, atawasihi wenye maduka waagize mapema, na akiona hatafika, oda za wiki ya mwisho atazisukuma mwezi ujao. Mauzo yanakwenda kwa mruko, mwezi mmoja juu na mwingine chini. Ya Mbeya yalikuwa yanaruka hivyohivyo. Nikaandika alama ya kuuliza kwenye jedwali nikaendelea.

Wa Mtwara alikuwa na asilimia 4 kwenye mkataba, ya mauzo bila kodi, kitu rahisi kabisa. Ila uhasibu ulikuwa unamlipa 4.5. Nilitafuta nyongeza ya mkataba nikaikosa. Kilichopatikana ni barua pepe ya meneja mmoja aliyekwishaacha kazi, ya mistari miwili, ikimwambia wakala kwamba "kuanzia mwezi huu tunakuongezea nusu". Na mkataba ulikuwa na kifungu cha mwisho, kile cha kawaida, kinachosema hakuna badiliko litakaloshika isipokuwa kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Je, kamisheni ya Mtwara ni 4 au 4.5? Msomaji wa mikataba hatakiwi kuamua hilo. Kazi yake ni kuweka yote mawili, safu moja kwa kile mkataba unachosema na safu ya pili kwa kile kinacholipwa, pamoja na ukurasa wa barua pepe. Tangu hapo safu hiyo ya pili siiachi. Naomba uhasibu stakabadhi za malipo za miezi mitatu ya karibuni na kuzikokotoa upya, kwa sababu fedha huwa zinasema mambo ambayo karatasi imeyasahau.

Jedwali la kamisheni lilipokamilika lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani:

| Wakala | Mkataba unasema | Kwa mauzo ya milioni 60 |
|---|---|---|
| Arusha | 5% ya ankara, pamoja na kodi | milioni 3.54 |
| Mwanza | 6% ya fedha zilizolipwa, bila kodi na usafiri | milioni 2.74 (3.42 wote wakilipa) |
| Mbeya | ngazi za 3, 5 na 8% | milioni 2.9 au 4.8 |
| Mtwara | 4% bila kodi, inalipwa 4.5% | milioni 2.4, inalipwa 2.7 |

Kwenye malengo ya mauzo kishawishi ni kugeuza kila kitu kuwa cha mwaka ili vilingane. Arusha alikuwa na lengo la milioni 600 kwa mwaka, Mwanza milioni 150 kwa robo mwaka, Mtwara milioni 40 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mwaka ni 600, 600 na 480. Jedwali linapendeza, na Mtwara anaonekana ndiye mwenye mzigo mwepesi.

Sasa chukua mauzo ya Mtwara ya mwaka uliotangulia, mwezi kwa mwezi, kwa mamilioni: Januari 44, Februari 40, Machi 31, Aprili 27, Mei 24, Juni 28, Julai 33, Agosti 38, Septemba 41, Oktoba 58, Novemba 72, Desemba 60. Jumla ni 496. Ameshapita lengo la mwaka kwa milioni 16. Lakini miezi sita mfululizo, Machi hadi Agosti, hakufika 40, na mkataba wake ulisema akikosa lengo miezi mitatu mfululizo kampuni inaweza kuuvunja mkataba papo hapo, bila notisi. Mwishoni mwa Mei alikuwa tayari amenasa.

Yeyote aliyeishi kusini anajua sababu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zinapoingia vijijini ndipo nyumba zinaezekwa, zinapigwa plasta na kupakwa rangi. Kuanzia Machi mifuko inakuwa imekauka na mvua bado inanyesha. Aliyeandika lengo la milioni 40 kila mwezi aligawanya 480 kwa 12 akiwa amekaa Dar es Salaam. Lengo la mwezi ni gumu zaidi kuliko la mwaka hata kama jumla yake ni ndogo, kwa sababu mwezi mzuri hauruhusiwi kumsaidia mwezi mbaya. Ndiyo maana kwenye safu ya lengo sasa naandika vitu vitatu kwa pamoja: kiasi, kipindi, na nini kinatokea likikosekana.

Hilo la tatu ndilo linalotenganisha lengo na lengo. Mkataba wa Arusha ulisema wakala "atajitahidi kwa kadiri awezavyo" kufikisha milioni 600. Basi. Hakuna lolote linalompata asipofika, mradi amejitahidi. Hilo ni tumaini la kampuni, japo limeandikwa kwenye kifungu chenye kichwa "Lengo la Mauzo". Mwanza akikosa robo mbili mfululizo, kampuni inaruhusiwa kuweka wakala wa pili Kanda ya Ziwa. Anapoteza haki ya kuuza peke yake ila mkataba unabaki. Mtwara anapoteza kila kitu. Namba tatu zinazokaribiana, adhabu tatu zisizofanana hata chembe.

Mbeya je? "Kama itakavyokuwa katika Kiambatisho B." Kiambatisho B hakikuwepo kwenye faili. Hapa ndipo watu wengi huandika mstari mdogo au kuacha nafasi wazi, na nafasi wazi ni hatari, kwa sababu mkurugenzi ataisoma kama "hana lengo". Mimi hutumia maneno matatu tofauti, na nayaeleza chini ya jedwali. "Haukutaja" maana yake nimesoma kurasa zote na jambo hilo halimo. "Kiambatisho hakijaonekana" maana yake mkataba unaelekeza kwenye karatasi ambayo sinayo. "Unapingana" maana yake vifungu viwili vinasema mambo mawili. Kila neno linaelekeza kwa mtu mwingine: la kwanza kwa mwanasheria, la pili kwa mtunza masijala, la tatu kwa waliosaini.

Mkurugenzi alipouliza "natokaje", alitegemea namba ya siku. Namba zilikuwepo. Arusha siku 90, Mbeya siku 30, Mtwara "siku 30 za kazi", ambazo kwa ofisi inayofunga Jumamosi ni wiki sita wala si mwezi. Lakini siku za notisi ni mlango tu. Gharama iko nje ya mlango.

Mkataba wa Arusha, kwenye kifungu cha malipo na wala si cha kusitisha, ulikuwa na sentensi moja inayosema wakala ataendelea kupata kamisheni kwa mauzo ya wateja aliowaleta kwa miezi sita baada ya mkataba kuisha. Nilikuwa nimeshakisoma kifungu cha kusitisha mara mbili na kukiandika kuwa "siku 90, bila sababu, upande wowote". Sahihi, na haitoshi. Kwa mauzo ya milioni 60 kwa mwezi, sentensi hiyo ni milioni 3.54 mara sita: milioni 21.24 zinazokwenda kwa mtu aliyekwishaondoka, huku wakala mpya naye akidai kamisheni yake kwa maduka yaleyale. Maneno ya kuachana hayakai kwenye kifungu cha kuachana peke yake. Utayakuta kwenye malipo, kwenye malengo kama ya Mtwara, kwenye usiri, wakati mwingine kwenye kifungu cha sampuli na mabango ambavyo wakala lazima arudishe kabla ya kulipwa.

Mwanza ilikuwa ya tarehe. Mkataba wake ulianza tarehe 1 Julai 2021 na kuisha 30 Juni 2024, na ungejirefusha wenyewe kwa miaka mitatu mingine isipokuwa upande mmoja utoe notisi ya maandishi "si zaidi ya siku 90 na si chini ya siku 60" kabla ya mwisho. Nikiandika kwenye jedwali "siku 60 hadi 90", nimemwachia mkurugenzi kazi ya kuhesabu, na wakurugenzi hawahesabu. Nilihesabu mwenyewe nikaandika: kati ya tarehe 1 Aprili na 1 Mei 2024. Halafu nikafungua kalenda. Tarehe 1 Aprili mwaka ule ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, na 1 Mei ni Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi. Katikati kulikuwa na Idi na Sikukuu ya Muungano. Na mkataba ulitaka notisi ikabidhiwe kwa mkono na kusainiwa. Nikaongeza: "ifike Mwanza kabla ya tarehe 26 Aprili". Kuchelewa siku moja kungekuwa ni kununua miaka mitatu.

Mama alipoiona tarehe hiyo alivua miwani. "Hii mbona hakuna mtu aliyeniambia?" Hakukuwa na wa kumwambia, ilikuwa imekaa ukurasa wa 11, chini ya kichwa kinachosema "Mengineyo".

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye karatasi za mkataba kabisa, nalo lazima lipate mstari wake. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu inayohusu uwakala, iliyofuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Kwa kifupi, inataka kuwe na notisi ya muda unaofaa, na ikiwa uwakala ulikuwa wa kipindi maalumu ukavunjwa kabla ya wakati bila sababu ya kutosha, anayeuvunja anawajibika kufidia. Kwa hiyo pale ambapo mkataba "haukutaja" haimaanishi kwamba unaweza kumpigia wakala simu Ijumaa na kumwambia Jumatatu asije. Na mkataba wa Mtwara, pamoja na ukali wake wa miezi mitatu, mwanasheria wa kampuni alitaka kwanza ajue kwa nini miaka yote ya nyuma wakala alikosa malengo ya Machi hadi Agosti na kampuni ikanyamaza. Ukimya wa muda mrefu unaweza kugeuzwa kuwa hoja mahakamani. Niliandika hivyo kwenye safu ya maoni, bila kuuamua mjadala.

Wanaouza kahawa au viungo Ulaya kupitia wakala wa huko wana mzigo mzito zaidi. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya wa mwaka 1986 unampa wakala wa bidhaa notisi isiyopungua mwezi mmoja katika mwaka wa kwanza, miwili katika wa pili, mitatu kuanzia wa tatu, hata mkataba useme pungufu. Na katika nchi kama Ujerumani, anapoondolewa anaweza kudai fidia inayofika hadi wastani wa kamisheni ya mwaka mmoja, ukipimwa kwa miaka mitano ya mwisho, na haki hiyo haiwezi kufutwa mapema kwa kifungu. Kwa wakala wa namna hiyo, safu ya "natokaje" ikijazwa kwa kunakili mkataba peke yake itakuwa imedanganya.

Karatasi ya mwisho ilikuwa moja, kama alivyotaka, ingawa nilimshikia nyingine kumi nyuma yake. Ya mbele ilikuwa na maneno yangu; za nyuma zilikuwa na maneno ya mikataba, neno kwa neno, kila moja na namba ya kifungu na ukurasa. Nilimpa mwenzangu mmoja zile za nyuma, akajaza ya mbele upya bila kuiona yangu, kisha tukalinganisha. Tulitofautiana mahali pawili. Pa kwanza ni zile siku 30 za kazi, ambazo mimi mwanzoni nilikuwa nimeziandika kuwa siku 30. Pa pili ni ngazi za Mbeya, ambazo yeye alizisoma kwa njia ya pili bila hata kusita.

Hapo nikaamua kumpigia wakala wa Mbeya mwenyewe. Mkurugenzi aliruhusu, kwa sharti nisimwambie tunalinganisha nini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwomba anitumie picha ya Kiambatisho B, kama anacho. Akacheka. Alisema anacho, tena amekitundika ofisini, na kwamba alikwisha kuwaandikia makao makuu mara mbili kuhusu hicho kiambatisho asijibiwe. Picha ilifika baada ya nusu saa: karatasi moja, saini mbili, muhuri wa kiwanda. Lengo lilikuwa milioni 540 kwa mwaka. Na chini ya lengo, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari unaosema kiwango cha ngazi iliyofikiwa kitatumika kwa mauzo yote ya mwezi husika.

Barua zake mbili tulizikuta jioni ile kwenye faili la malalamiko ya wateja, kati ya mtu aliyelalamikia rangi ya krimu na mwingine aliyepelekewa makopo yaliyobonyea. Mhasibu aliketi kukokotoa tofauti ya miezi yote iliyopita. Mimi nilirudi kwenye jedwali, nikafuta alama ya kuuliza na ile milioni 2.9, nikaandika: Kiambatisho B, ukurasa wa 1.